Nani amebadilisha Google? Mipangilio mitatu inayochanganywa kwenye kompyuta ya familia

Penye kompyuta moja inayotumiwa na watu wanne, swali hili haliishi: "Nani amebadilisha Google?" Mama amefungua kivinjari akakuta ukurasa asioujua. Mtoto anaapa kwamba hajagusa kitu. Baba anashangaa, maana yeye ameitumia asubuhi na ilikuwa sawa. Mara nyingi wote watatu wanasema kweli. Kila mmoja anazungumzia kitu chake, na vitu hivyo vimewekwa mahali tofauti ndani ya kivinjari.

Tuanze na maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku yamegeuka kuwa kitu kimoja. Kivinjari ni programu iliyomo ndani ya kompyuta yako: Chrome, Firefox, Edge, Safari. Injini ya utafutaji ni huduma iliyoko mtandaoni, unayoipa maneno nayo ikakurudishia orodha ya kurasa: Google, Bing, DuckDuckGo. Chrome inatengenezwa na kampuni ya Google, na Edge na Bing zote ni za Microsoft, ndiyo maana majina yanaingiliana. Lakini Chrome inaweza kutafuta kwa Bing, na Edge ikatafuta kwa Google, bila shida yoyote. Kwa hiyo mtu akisema "Google imebadilika", jambo la kwanza ni kumuuliza alikuwa anafanya nini ilipobadilika.

Jibu la swali hilo ndilo linalokupeleka kwenye mpangilio unaohusika.

Wakati wa kuandika, wa kubofya na wa kufungua

Mpangilio wa kwanza, injini chaguo-msingi, unafanya kazi pale unapoandika maneno kwenye sehemu ya anwani iliyo juu ya dirisha na kubonyeza Enter. Wa pili, ukurasa wa mwanzo, unafanya kazi pale unapobofya kitufe chenye picha ya nyumba, au kubonyeza Alt na Home kwa pamoja kwenye Windows. Wa tatu, vichupo vya kuanzia, unafanya kazi mara moja tu, wakati kivinjari kinapofunguliwa kikiwa kimefungwa kabisa.

Mitatu hii haijuani. Ukiweka google.com kuwa ukurasa wa mwanzo, hujabadilisha injini. Mtu anaweza kubofya nyumba, akaona ukurasa wa Google, akaridhika, kisha akaandika maneno juu kwenye sehemu ya anwani na matokeo yakaja kutoka Bing. Hakuna kilichoharibika hapo. Kisanduku kilicho katikati ya ukurasa wa Google ni cha Google, na sehemu ya anwani ni ya kivinjari, nayo inafuata injini iliyochaguliwa kwenye mipangilio.

Kuna na wa nne ambao watu huusahau: ukurasa wa kichupo kipya, ule unaotokea unapobofya alama ya kujumlisha. Kwenye Chrome huo haubadilishwi kwa anwani yako kupitia mipangilio ya kawaida. Kwenye Edge una kisanduku chake cha kutafutia, ambacho kinaweza kuendelea kutumia Bing hata baada ya wewe kuchagua injini nyingine kwa sehemu ya anwani. Andika `edge://settings/search` utaona mipangilio miwili: mmoja wa injini ya sehemu ya anwani, na mwingine uitwao "Search on new tabs uses search box or address bar". Wengi hubadilisha wa kwanza, wakaandika kwenye kisanduku cha katikati, wakasema kompyuta haisikii.

Kinachozidisha mkanganyiko ni kwamba vivinjari havikubaliani kuhusu maana ya ukurasa wa mwanzo. Kwenye Firefox, mpangilio unaitwa "Homepage and new windows": ukurasa huohuo unafunguka unapobofya nyumba, unapofungua dirisha jipya, na kwa kawaida unapoanza. Kwenye Chrome, ukurasa wa mwanzo ni wa kitufe cha nyumba peke yake, na kitufe chenyewe huwa kimefichwa hadi ukiwashe. Aliyezoea Firefox akihamia Chrome ataweka ukurasa wa mwanzo kwa uangalifu wote, afunge, afungue, asiuone. Alichokuwa anakitaka kipo chini ya "On startup".

Haya ndiyo maeneo ya Chrome, kwa anwani unazoweza kuandika moja kwa moja badala ya kuhangaika na menyu:

```
chrome://settings/search
chrome://settings/appearance
chrome://settings/onStartup
```

Ya kwanza ni ya injini. Ya pili ndiyo yenye "Show home button", na ukiiwasha inakupa nafasi ya kuandika ukurasa wa mwanzo. Ya tatu ni ya kuanzia. Kwenye Firefox andika `about:preferences#search` na `about:preferences#home`. Kwenye Safari, injini iko kwenye sehemu ya "Search" ya mipangilio na mengine yako "General", ambako dirisha jipya na kichupo kipya vina machaguo yao tofauti.

Injini ni kiolezo cha anwani

Ukijua kinachotendeka unapobonyeza Enter, nusu ya matatizo utayatambua kwa macho. Kivinjari kinatazama ulichoandika. Kikifanana na anwani, kwa mfano kina nukta katikati na hakina nafasi, kinakwenda huko moja kwa moja. Kisipofanana, kinayachukua maneno yako na kuyapachika ndani ya kiolezo cha anwani, mahali palipo na alama `%s`. Violezo vyenyewe ni hivi:

```
https://www.google.com/search?q=%s
https://www.bing.com/search?q=%s
https://duckduckgo.com/?q=%s
```

Ni hayo tu. Kubadilisha injini chaguo-msingi ni kubadilisha kiolezo kinachotumika. Hakuna kinachopakuliwa, hakuna kinachofutwa, na ukirudisha, kinarudi saa hiyohiyo.

Kwa mstari mfupi kama huo, fedha zinazozunguka nyuma yake zinashangaza. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilibainika kwamba mwaka 2021 kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe injini chaguo-msingi kwenye vivinjari na simu za wengine, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akaamua kwamba ilikuwa imevunja sheria kulinda ukiritimba wake. Walilipa kwa sababu watu wengi hawabadilishi wanachokikuta. Tabia hiyohiyo ndiyo inayozivutia programu za hila, ambazo tutazifikia.

Kompyuta haina ukurasa wa mwanzo

Hapa ndipo kiini cha ugomvi wa nyumbani. Mipangilio yote niliyoitaja haihifadhiwi na kompyuta. Inahifadhiwa na kivinjari, na ndani ya kivinjari inahifadhiwa na wasifu, yaani fungu la alamisho, historia, nywila, viendelezi ambavyo ni programu ndogo za kukiongezea kivinjari kazi, na mipangilio ya mtu mmoja. Ni kama kabati moja lenye droo: kabati ni la wote, lakini kila droo ina nguo za mwenyewe. Familia nyingi zina kabati zima na zinatumia droo moja.

Kutokana na hilo, "nimeshabadilisha lakini haijabadilika" huwa na maelezo rahisi. Umebadilisha kwenye Chrome, ila kiungo ulichobofya kwenye barua pepe kimefunguka kwenye Edge. Au umebadilisha kwenye wasifu wako, na mwenzako amefungua wa kwake. Au ameandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha menyu ya Start ya Windows, ambacho kwa kawaida hufungua Bing ndani ya Edge na hakijali Chrome yako imepangwaje. Ukitaka kujua kwa uhakika uko kwenye wasifu upi, andika `chrome://version` na usome mstari wa "Profile Path". Utaishia na `Default`, `Profile 1`, `Profile 2` na kuendelea.

Upande wa pili ni ulandanishaji. Wasifu ukiwa umeunganishwa na akaunti ya mtu, mipangilio yake inamfuata kwenye kompyuta nyingine alizoingia kwa akaunti hiyo. Kwa hiyo kijana akibadilisha injini akiwa kwenye wasifu uliofunguliwa kwa akaunti ya baba, baba anaweza kuyakuta mabadiliko kazini kwake, na asijue yametoka wapi. Hii pia ndiyo sababu ile dawa maarufu ya kuondoa Chrome na kuiweka upya mara nyingi haiponyi. Kwanza, wakati wa kuiondoa kuna kisanduku cha "Also delete your browsing data", na usipokiweka alama, wasifu wote unabaki kwenye diski ukisubiri. Pili, hata ukikiweka, ukiingia tena kwenye akaunti yako mipangilio inarudi kutoka mtandaoni pamoja na viendelezi vyake.

Kabla hujagusa injini wala ukurasa, basi, tenga wasifu. Kwenye Chrome unabofya picha ya duara iliyo juu kulia na kuongeza wasifu mpya. Kila mmoja umpe jina na rangi yake, maana rangi ya dirisha ndiyo itakayomwambia mtu yuko kwa nani. Kwenye ukurasa wa kuchagua wasifu, chini kuna kisanduku cha "Show on startup". Kiwashe, ili Chrome ianze kwa kuuliza nani anatumia badala ya kumwingiza kila mtu kwa aliyetumia mwisho.

Ila usidanganyike kwamba wasifu ni kufuli. Hauombi nywila. Yeyote anaweza kubofya picha ya mwingine na kuingia. Unatenganisha mipangilio, hautunzi siri. Ikiwa kuna barua au hesabu ambazo hazipaswi kuonekana na wengine, kinachohitajika ni akaunti tofauti za Windows au Mac, kila moja na nywila yake.

Vichupo vya kuanzia, na hatari ya kuendelea ulipoishia

Chini ya "On startup" Chrome inatoa machaguo matatu: kufungua kichupo kipya kitupu, kuendelea ulipoishia, au kufungua kurasa maalumu ulizozitaja. La pili, "Continue where you left off", linapendwa sana, na kwa mtu mwenye kompyuta yake peke yake lina raha yake. Kwenye wasifu unaotumiwa na zaidi ya mmoja, mimi siliruhusu kabisa, na sababu si vichupo kuwa vingi.

Tovuti ikikutambua baada ya kuingia, inaacha kidakuzi ndani ya kivinjari, yaani kumbukumbu ndogo ya kukutambua tena. Vidakuzi vingine vina tarehe ya kuisha, hivi vinakaa siku au miezi. Vingine ni vya kikao: vimekusudiwa kufa kivinjari kinapofungwa, na tovuti zinazojali usalama huvitegemea ili ukifunga dirisha uwe umetoka. Ukichagua kuendelea ulipoishia, Chrome inavihifadhi na hivyo vya kikao, kwa sababu bila hivyo haiwezi kukurudisha mahali ulipokuwa. Firefox nayo, ukiwasha "Open previous windows and tabs", inafanya vivyo hivyo.

Matokeo yake yanaonekana hivi. Mama anamaliza kusoma ujumbe wake wa kazini, anabofya alama ya X, anaondoka akijua amefunga. Saa mbili baadaye mtoto anafungua Chrome kutafuta picha za sayari. Kichupo cha kwanza kinachopakia ni kile cha mama, na kimeingia. Hakuna aliyedukua mtu.

Hata ukichagua kuanza upya, jua mipaka yake. Ndani ya wasifu huohuo, Ctrl, Shift na T vikibonyezwa pamoja vinarudisha vichupo vilivyofungwa, hata vya kabla kivinjari hakijafungwa. Kompyuta ikizimika ghafla, Chrome itakuja na kidirisha cha "Restore", na atakayekibofya ni yeyote aliyekaa wakati huo. Kuanza upya kunapunguza ajali, na kinachokutoa kweli ni kitufe cha kutoka kilichomo ndani ya tovuti yenyewe.

Chaguo la tatu, kurasa maalumu, ndilo linalofaa familia, na lina mtego mmoja. Kuna kitufe cha "Use current pages" kinachochukua vichupo vyote vilivyo wazi na kuvifanya vya kuanzia. Kinachukua kweli vyote, pamoja na kile cha nyuma ulichokisahau, na kinachukua anwani kama ilivyo. Ukiwa umeshaingia kwenye tovuti ya masomo, anwani inaweza kuwa na mkia mrefu wa herufi na namba za kikao cha siku hiyo. Kesho mkia huo umekufa, na kila asubuhi Chrome itaanza kwa ujumbe wa kosa. Tumia "Add a new page" na uandike anwani fupi ya mlango wa tovuti, bila mkia.

Kuhusu idadi, mbili au tatu zinatosha. Kila ukurasa wa kuanzia unavuta data na kumbukumbu ya kompyuta kila mara kivinjari kinapofunguka, hata kama siku hiyo huna haja nao. Na vichupo hivyo vinakuja mwanzo tu: ukifungua dirisha la pili la Chrome wakati la kwanza lipo, utapata kichupo kipya cha kawaida. Si hitilafu.

Familia moja, wasifu tatu

Tuchukue familia ya baba, mama, binti wa sekondari na mdogo wake wa miaka 8, wote kwenye Chrome ya Windows.

Baba na mama wamekubaliana kutumia wasifu mmoja. Ni uamuzi wao, lakini unawabana: chini ya "On startup" wanaweka kurasa maalumu mbili, ya hali ya hewa na ya kalenda ya familia, wala hawawashi kuendelea walipoishia. Injini ni Google kama ilivyokuwa. Kitufe cha nyumba wanakiacha kimefichwa kwa sababu hakuna anayekitumia.

Binti ana wasifu wake. Hapo kuendelea alipoishia kunamfaa, kwani utafiti wa insha moja unachukua siku kadhaa na anataka vichupo vyake vimngoje. Anapenda DuckDuckGo; aichague kwenye `chrome://settings/search`, na wengine hawatagundua chochote.

Kwa mdogo ndipo pana kazi. Wazazi wengi huamini kwamba kuchagua injini fulani ni kuweka kichujio cha mambo yasiyofaa watoto. Si kweli kwa jinsi wanavyodhani. Google ina SafeSearch, inayowashwa kwa kufungua `google.com/safesearch`, lakini chaguo hilo linakaa kwenye akaunti au, kama hujaingia, kwenye vidakuzi vya kivinjari hicho. Ukifuta vidakuzi limepotea. Na linahusu Google tu: ukihamisha injini kwenda Bing, kichujio ulichowasha Google hakikufuati.

Sasa ile habari ya kiolezo inaleta faida. Kwenye wasifu wa mtoto, fungua `chrome://settings/searchEngines`, nenda sehemu ya "Site search" na ubofye "Add". Jina andika Utafutaji wa mtoto, kifupisho andika `mtoto`, na kwenye nafasi ya anwani weka mojawapo ya hizi:

```
https://www.google.com/search?q=%s&safe=active
https://safe.duckduckgo.com/?q=%s
```

Ya kwanza inaiambia Google ichuje kwenye kila utafutaji unaopitia sehemu ya anwani, bila kutegemea kidakuzi. Ya pili inapita kwenye mlango wa DuckDuckGo ambao kichujio chake kiko juu kabisa muda wote. Hifadhi, bofya nukta tatu zilizo pembeni ya jina hilo, chagua "Make default". Jaribu kwa kuandika neno lolote na kutazama anwani ya matokeo: ukiona `safe=active` au `safe.duckduckgo.com`, imeshika.

Kisha weka kitufe cha nyumba kiwe kinaonekana, chenye ukurasa mmoja anaoujua, kwa sababu mtoto hupotea kwenye kurasa na nyumba ndiyo njia yake ya kurudi. Ukurasa huohuo uwekwe wa kuanzia. Hapa, na kwa Chrome, utaiandika anwani mara mbili, mahali pawili, kama tulivyoona.

Mpango huu una ukomo wake. Unamwongoza mtoto anayetafuta kwa kawaida. Haumzuii anayejua kuandika anwani ya injini nyingine, wala anayebofya picha ya dada yake juu kulia. Anayetaka kizuizi halisi aende kwenye akaunti ya mtoto ya Windows pamoja na Microsoft Family Safety, au Family Link kwa akaunti ya Google ya mtoto.

Na kwa kuwa huwa inaulizwa: dirisha fiche halikwepi mipangilio hii. Linatumia injini ileile ya wasifu lililofunguliwa ndani yake. Linachofanya ni kutohifadhi historia na vidakuzi vyake baada ya kufungwa.

Ikibadilika bila mtu kuibadilisha

Wakati mwingine kweli hakuna aliyebadilisha. Mtu alipakua programu ya bure, akabofya kuendelea mara tano bila kusoma, na pamoja nayo kikaja kiendelezi kinachoshika injini. Dalili iko kwenye sehemu ya anwani. Andika neno, bonyeza Enter, na utazame bila kupepesa: jina la ajabu linapita haraka, kisha matokeo yanatulia kwenye injini inayojulikana. Mtu aliyetazama mwisho tu atasema "imehamia Bing". Kilichotokea ni kwamba kuna mtu katikati anayehesabu utafutaji wako na kulipwa kwa huo.

Fungua `chrome://settings/search`. Ikiwa kiendelezi ndicho kimeshika, mara nyingi Chrome itakuandikia hapo jina lake na kukupa kitufe cha kukizima. Kizime, kisha nenda `chrome://extensions` ukiondoe kabisa. Kurudisha injini kwa mkono huku kiendelezi kipo ni kazi bure.

Injini ikiwa safi lakini ukurasa wa ajabu unaendelea kuja wakati wa kufungua tu, usiutafute kwenye mipangilio, tazama ikoni. Bofya kulia ikoni ya Chrome iliyo kwenye eneo-kazi, chagua "Properties", usome mstari wa "Target". Unatakiwa uishie na `chrome.exe"`, au ufuatwe na jina la wasifu kama hivi, jambo ambalo ni halali kabisa:

```
"C:\Program Files\Google\Chrome\Application\chrome.exe" --profile-directory="Profile 2"
```

Ukikuta baada ya hapo kuna anwani ya tovuti, ndiyo hiyo. Ifute na uhifadhi. Ikoni iliyobandikwa kwenye upau wa chini ni njia ya mkato nyingine, kwa hiyo ikague nayo: bofya kulia, kisha bofya kulia tena juu ya jina Google Chrome ndani ya orodha inayotokea, ndipo utaona "Properties". Hii inaeleza kwa nini ukurasa unaweza kuja kwa mtu anayefungua kwa ikoni moja na usije kwa anayefungua kwa nyingine, jambo ambalo limewafanya wengi wasiaminiane bure.

Ikishindikana, `chrome://settings/reset` inarudisha injini, ukurasa wa mwanzo na vichupo vya kuanzia kama vilivyokuja, inazima viendelezi vyote na kufuta vidakuzi. Alamisho, historia na nywila zinabaki. Inafanya hivyo kwenye wasifu uliopo tu, hivyo kama mnatumia watatu, ni wasifu mmoja mmoja. Na kwa wasifu wa mtoto, kile kiolezo ulichokiweka kikague tena baada ya hapo.

Limebaki jambo moja linalowashtua watu: maneno "Managed by your organization" chini ya menyu ya Chrome, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa ya ofisi yoyote. Andika `chrome://policy` uone nini kimewekwa. Programu halali za kulinda watoto na baadhi ya antivirusi huacha sera hapo, yaani mipangilio ambayo kivinjari kinalazimishwa kuifuata, kwa hiyo si lazima iwe balaa. Tazama majina: sera zinazoanza na `DefaultSearchProvider` zinahusu injini, `HomepageLocation` inahusu ukurasa wa mwanzo, na `RestoreOnStartup` inahusu vichupo vya kuanzia. Kwenye Windows, Chrome imekusudia sera hizo zifanye kazi kwa kompyuta zinazosimamiwa na taasisi kweli, si ya nyumbani. Ukizikuta zimejazwa anwani ambayo hakuna nyumbani anayeijua, kuna programu ndani ya Windows yenyewe iliyoziandika, na kuweka upya kivinjari hakutazing'oa. Anza na orodha ya programu zilizowekwa, ipange kwa tarehe, na utazame kilichoingia siku ile malalamiko yalipoanza.